Mafundo mawili ya mama wa Kasulu

Machi 2012 nilikuwa nyapara kwenye shamba la tumbaku nje kidogo ya Urambo, eka kumi na mbili, mabani matatu ya kukaushia majani, vibarua tisa. Wengi walitoka Kigoma, kama ilivyo kawaida huko: wanakuja mvua zinapoanza, wanakaa mpaka tumbaku iuzwe, ndipo wanalipwa na kurudi kwao. Kwa hiyo neno la nyapara mwishoni mwa msimu lina uzito. Bosi alikuwa akitoa kifuta jasho kwa wanne bora, na hao ndio aliowaita msimu uliofuata. Wawili wa mwisho hakuwaita tena.

Aliponiambia nimwandikie majina kwa mpangilio, sikuona kazi. Nilikuwa na daftari. Kila jioni niliandika nani kafunga fito ngapi, nikajumlisha msimu mzima na kupanga kuanzia juu. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa Kibondo, fito 1,092. Wa nane alikuwa mama wa makamo kutoka Kasulu, fito 527. Wa tisa alikuwa mzee wa moto, ambaye hakufunga hata ufito mmoja, na mimi kila nilipopita asubuhi nilimkuta amelala kibandani. Pembeni ya jina lake niliandika "anasinzia".

Kwa asiyejua kazi hii: majani mabichi hufungwa kwa uzi kwenye ufito, mawili mawili au matatu matatu, upande huu na upande ule, kisha fito hutundikwa ndani ya bani kwa ngazi, chini hadi juu. Moto unawashwa nje, joto linapita kwenye mabomba sakafuni na kupanda. Hewa ya moto lazima ipenye katikati ya majani. Ufito ukishindiliwa, majani ya kati yanabaki na maji yao, yanachemka humo humo na kutoka meusi. Lakini ukiutazama ukiwa bado mbichi, ufito ulioshindiliwa unapendeza kuliko wote. Umejaa, mfungaji anaonekana kachapa kazi. Ubaya wake unauona baada ya siku sita au saba, bani linapofunguliwa, na siku hiyo mara nyingi mimi nilikuwa shambani na wachumaji.

Orodha ilikuwa mfukoni tayari tulipofungua bani la pili. Nilipita kuchukua baiskeli. Yule mama akaniita.

"Nyapara, mwanangu, hebu shika huu."

Akanipa ufito. Majani yalikuwa ya rangi ya chungwa, laini, hata yale yaliyobanana na mti. Akanipa wa pili. Huo kwa nje ulikuwa wa manjano safi, lakini nilipotenganisha majani kwa vidole, yale ya ndani yalikuwa yameoza, yananukia kama majani ya ndizi yaliyolowa. Sikumuuliza ni wa nani. Akanionyesha mwisho wa uzi tu. Yeye alimalizia kwa mafundo mawili na kuacha mkia. Huu wa pili ulikuwa na fundo moja, limevutwa kwa nguvu. Nilikaa miezi mitatu nikihesabu fito hizo na sikuwahi kutazama fundo.

Siku ile sikwenda nilikokuwa naenda. Nilichukua fito kumi za mama na kumi za kijana, zote kutoka ngazi moja, kwa sababu ngazi ya chini iko karibu na mabomba na ya juu inachelewa kukauka. Ukichanganya ngazi unampa mtu sifa au lawama ya mahali ufito wake ulipotundikwa. Mabani mawili yaliyofuata nilifanya vile vile, kimya kimya. Fito thelathini kwa kila mmoja. Za kijana zilizooza katikati zilikuwa kumi na mbili. Za mama, mbili.

Usiku nikarudi kwenye daftari, na huko nikakuta kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza. Ile 527 ilikuwa jumla ya msimu. Lakini nani alimtuma mama kusomba kuni wiki nzima ya Februari? Mimi. Nani alimtoa bandani kwenda kuondoa maotea shambani kwa kuwa ana mkono mwepesi na havunji majani? Mimi. Siku hizo daftari liliandika sifuri, kana kwamba alikuwa amelala. Nilipohesabu siku ambazo kweli alikaa kufunga, zilikuwa kumi na saba: fito 31 kwa siku. Kijana, ambaye sikuwahi kumtoa bandani, alikaa siku ishirini na sita: fito 42 kwa siku. Bado alikuwa mbele. Kisha nikatoa zilizooza. Kwa kipimo cha zile thelathini, fito nzima za kijana zilibaki kama 25 kwa siku, za mama kama 29. Fito thelathini ni chache, siwezi kuapa kwa namba hizo. Lakini zilitosha kunionyesha kwamba mpangilio wangu haukusimama.

Kijana nilimwita pembeni. Hakukana.

"Kaka, wewe ulikuwa unahesabu fito," alisema. "Ningekaa nachambua jani moja moja, ungeniweka wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mama alikuwa akitenga yaliyoiva sana, yaliyoiva sawasawa na yaliyo mabichi kidogo, kila aina ufito wake, ili wapakiaji wajue ipi iende chini na ipi juu. Kazi ile inakula muda, na hakuna safu yake katika daftari langu.

Kuhusu mzee wa moto, nililala banini usiku mbili. Usiku wa kwanza bani lilikuwa katika kugeuza majani kuwa ya manjano, joto halitakiwi kuzidi kama nyuzi 38. Ukiharakisha hapo, ukijani unaganda kwenye jani na hautoki tena. Saa tisa usiku mvua ilipiga, kuni zikalowa. Niliamka mara nne, na kila mara nilimkuta ameshika tochi kwenye kidirisha cha kipimajoto, anachomoa gogo moja, anarudisha nusu. Saa moja asubuhi akampokeza mwenzake, akalala. Huo ndio usingizi niliouandika.

Nilimpelekea bosi orodha mpya na fito nne kama ushahidi. Alizishika, akazigeuza, akakubali mzee na mama waingie kwenye wanne. Kijana alikuwa ameshaambiwa kwamba ni wa kwanza, hivyo bosi alimwachia fedha yake, nami sikupinga, maana alifanya kile nilichokuwa nahesabu. Aliyeumia ni mchumaji mmoja niliyemtoa nafasi ya nne bila kumpima kwa lolote, kwa kuwa siku za kuchuma sikuandika kitu zaidi ya "yupo". Hilo linanisumbua mpaka leo.

Msimu uliofuata niliwaambia wote siku ya kwanza: kila mtu na fundo lake, na bani likifunguliwa tutachagua fito tano za kila mmoja mbele ya wote. Daftari lilipata safu ya kazi niliyompa mtu siku ile, na kwa saa ngapi. Wachumaji nilianza kuwapima kwa majani yasiyoiva yaliyokutwa katika makapu yao. Mzee alirudi. Mama nilimpigia simu mara mbili, mara ya pili akapokea, akanisalimu vizuri, akaniambia ameshapata shamba jingine Kaliua.

"Huko wananilipa kwa siku, mwanangu," alisema. "Hawahesabu fito."