Akaunti mpya, oda sifuri: nilivyoanza na kikapu

Akaunti ya Google Ads iliyofunguliwa jana haijui mnunuzi wako ni nani. Mfumo wa kupanga dau, yaani bei unayotoa kuwania nafasi ya tangazo, hujifunza kutokana na walionunua, na kama hajanunua mtu hauna pa kuanzia. Hapo ndipo nilipokuwa nilipokabidhiwa duka jipya la mtandaoni linalouza mabegi ya mgongoni. Halikuwa na historia yoyote, bajeti ilikuwa ndogo, na mwenye duka alitaka oda. Nilianza na hatua ndogo inayotangulia ununuzi, yaani mteja kuweka begi kwenye kikapu. Mbinu hii wengi tunaitaja. Ambacho hatukisemi vya kutosha ni kwamba kikapu kinaweza kukudanganya, na mimi kilinidanganya mara mbili kabla sijakielewa.

Wiki ya kwanza sikuuachia mfumo utafute konvesheni, yaani matendo ya mteja unayoyahesabu kama mafanikio. Nilichagua Maximize clicks, inayotafuta klik nyingi kadiri bajeti inavyoruhusu, na kuweka ukomo wa bei ya kila klik, ili nipate watu dukani huku nikirekodi kila hatua: view_item ya kufungua ukurasa wa bidhaa, add_to_cart ya kuweka kwenye kikapu, begin_checkout ya kuanza kulipia na purchase ya ununuzi. Nilitaka kwanza kuona watu wanapungua vipi kutoka hatua moja hadi nyingine, ndipo niamue ipi itakuwa ishara ya kuufundisha mfumo. Siku saba zilipoisha nilikuwa na klik 410 na add_to_cart 96.

Ukigawanya, hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila wanne. Kwa duka ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, sikuiamini. Nikafungua ripoti nyingine na kulinganisha idadi ya matukio na idadi ya watu: matukio 96 yalitoka kwa watu 44 tu. Kwenye mfumo wa duka lenyewe, vikapu vyenye bidhaa vilikuwa 31. Namba tatu za kitu kimoja, na hakuna mbili zinazokubaliana.

Nikawasha DebugView ya Google Analytics, inayoonyesha matukio papo hapo yanapotokea, nikaingia dukani kwa simu kama mteja na kubonyeza taratibu, kitufe kimoja baada ya kingine. Nilipochagua rangi ya begi, kabla hata sijagusa kitufe cha kikapu, add_to_cart ikatokea kwenye skrini. Tagi, yaani msimbo unaotuma tukio, ilikuwa imefungwa kwenye kila kitufe kilichomo ndani ya fomu ya bidhaa. Kisha nikaweka begi kweli, nikafungua ukurasa wa kikapu na kuupakia upya mara mbili. Zikatokea nyingine mbili. Yaani mtu anayependa kulinganisha rangi alikuwa anahesabiwa kama mnunuzi mwenye hamu kubwa kuliko aliyekuja, akaweka begi moja na kulipia.

Tulirekebisha tagi ili itume tukio pale tu duka linapothibitisha kwamba bidhaa imeingia. Kwenye mpangilio wa konvesheni, sehemu ya Count, kikapu nilikiweka One: mtu akiweka mabegi matano baada ya klik moja, ahesabiwe mara moja. Ununuzi niliuacha Every, kwa sababu oda mbili ni oda mbili. Konvesheni ya zamani sikuendelea nayo. Nilitengeneza mpya yenye jina jingine ili namba chafu zisichanganyike na safi. Wiki nzima ya data ikaenda hivyo, na sijutii.

Wiki ya pili, kwa klik karibu zile zile, nilipata vikapu 29, walioanza kulipia 9 na oda 2. Sasa niliweza kuchagua. Kufungua ukurasa wa bidhaa kulikuwa kwingi mno, zaidi ya nusu ya wageni walifanya hivyo, na jambo linalofanywa na kila mtu halitofautishi mnunuzi na mpita njia. Kuanza kulipia kulikuwa karibu zaidi na pesa, lakini matukio 9 kwa wiki ni machache kwa mfumo kuona mwelekeo wowote. Kikapu kilikuwa katikati: kinatokea mara nyingi kiasi cha kufundisha, na hakitokei kwa bahati. Nikakiweka Primary, yaani ndicho kiongoze dau, na ununuzi Secondary. Konvesheni iliyo Secondary inaendelea kurekodiwa na unaiona kwenye safu ya All conv., ila kwa kawaida haiongozi dau. Kuna wanaoweka zote mbili Primary chini ya Maximize conversions, inayotafuta konvesheni nyingi kadiri bajeti inavyoruhusu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu bila kutumia thamani ya kila konvesheni, kikapu kimoja na oda moja vinakuwa na uzito sawa machoni pa mfumo.

Nikahamia Maximize conversions. Ndani ya wiki mbili vikapu vilifika 74, na kila kimoja kilinigharimu pungufu ya awali kwa karibu theluthi. Niliituma ripoti nikiwa na furaha. Mwenye duka akanipigia simu.

“Kaka, naona watu 74 wameweka begi kwenye kikapu. Mbona oda ni tatu?”

“Dada, oda bado ni chache mno kusema kitu. Nipe siku mbili nikague.”

Jibu lilikuwa la kweli, lakini swali lake lilikuwa zito. Oda 2 kati ya vikapu 29 na oda 3 kati ya 74, kwa namba ndogo hivyo, zinaweza kuwa bahati tu. Ndiyo maana nikaangalia hatua ya katikati, ambayo hutokea mara nyingi zaidi ya oda na kwa hiyo hutoa habari mapema. Kabla ya kubadilisha dau, watu 9 kati ya 29 walioweka begi kwenye kikapu waliendelea hadi kuanza kulipia, karibu mmoja kati ya watatu. Sasa walikuwa 11 kati ya 74, karibu mmoja kati ya saba. Mfumo ulikuwa umefanya nilichouomba: ulitafuta watu wanaoweka vitu kwenye kikapu. Haukuwa na sababu ya kujali kama wananunua.

Lakini kwa nini watu waweke begi kisha waondoke? Nikarudi dukani kwa simu. Ukurasa wa begi ulikuwa na picha, bei, vipimo na rangi. Gharama ya usafirishaji haikuwepo popote. Ilionekana baada ya kuweka begi kwenye kikapu na kuandika eneo lako. Nikamuuliza mwenye duka wateja wanamuuliza nini kwenye ujumbe, akanisomea kama saba hivi, na karibu wote waliuliza usafiri ni kiasi gani. Hapo ikanielea. Kwenye duka hili, kitufe cha kikapu ndicho kilichokuwa kitufe cha kuulizia nauli ya mzigo. Watu hawakuwa wanasema “nalitaka”. Walikuwa wanasema “hebu nione jumla”.

Hili ndilo ningependa anayeanza akaunti mpya alishike. Tukio la add_to_cart lina jina moja kila mahali, lakini maana yake inatokana na ukurasa ulivyojengwa. Pita njia ya mteja mwenyewe, kwa simu, ujiulize mtu angebonyeza hapa kwa sababu gani nyingine mbali na kutaka kununua. Ukipata sababu hiyo, ishara yako ina uchafu, na mfumo utaufuata uchafu huo kwa bidii ileile.

Tuliweka gharama za usafirishaji chini kidogo ya bei, kwenye ukurasa wa bidhaa. Sikugusa kitu kingine kwa wiki mbili, si dau, si bajeti, si matangazo, ili nijue badiliko limetoka wapi. Vikapu vikashuka hadi 52. Walioanza kulipia wakapanda hadi 21 na oda zikawa 6. Vikapu vilipungua kwa sababu waliokuwa wanaulizia nauli walishapata jibu lao bila kubonyeza. Waliobaki walikuwa na nia.

Kuna jambo moja lilimsumbua dada katika kipindi hiki, na huwasumbua wengi. Kila aliposoma ripoti, siku tatu za mwisho zilionekana mbaya. Google Ads kwenye safu ya Conversions huandika konvesheni kwenye tarehe ya klik, si tarehe ya ununuzi. Mtu aliyebonyeza tangazo Jumatatu akanunua Ijumaa, oda yake inarudi kuandikwa Jumatatu. Kwa hiyo siku za karibuni daima hazijakamilika. Tulikubaliana tusizisome mpaka ipite wiki, na anayetaka kuona kwa tarehe ya ununuzi afungue safu ya Conversions (by conv. time).

Kuanzia hapo tuliongeza bajeti kidogo kidogo hadi ikawa mara mbili, na vikapu vilipokuwa vinatosha niliweka Target CPA ya kikapu, yaani gharama ya wastani ninayolenga kwa kikapu kimoja. Nilikuwa nimejiwekea mpaka wa kuhamia kwenye ununuzi: oda 30 ndani ya siku 30. Tuliufikia wiki ya kumi na mbili, tukiwa na vikapu 290 na oda 31, yaani oda moja kwa vikapu tisa hivi. Sikutaka kupitia hatua ya kati ya begin_checkout, kwani kila unapobadilisha lengo mfumo unajifunza upya, na kujifunza huko hulipiwa na bajeti. Nikaruka mara moja: purchase ikawa Primary, kikapu kikawa Secondary.

Asubuhi iliyofuata kampeni ilikuwa karibu imezimika. Tangazo lililokuwa likionekana mara 2,000 hivi kwa siku lilikuwa limeonekana mara 140. Nilibadilisha lengo lakini nikaacha Target CPA ya kikapu mahali pake. Tukichukulia oda ya kawaida ina thamani ya 100, kikapu kimoja kilikuwa kinatugharimu 2.5, na lengo nililoliacha lilikuwa 3. Oda moja ilikuwa inatugharimu zaidi ya 23. Nilikuwa nauambia mfumo uniletee oda kwa bei ya kikapu, na kwa kuwa haikuwezekana, ukaacha kuingia mnadani. Nikaweka 26, juu kidogo ya gharama halisi, na kwa muda wa siku tatu kampeni ikarudi kwenye kasi yake. Lengo na gharama yake vibadilishwe kwa pamoja, kwa mkao mmoja.

Safari hii nilimpigia dada kabla hajaona ripoti. Nilimweleza kwamba safu ya Conversions itashuka kutoka mia mbili na ushee hadi thelathini na kitu, kwa sababu sasa inahesabu oda peke yake. Akanyamaza kidogo, akauliza, “Kwa hiyo kila moja nitakayoiona hapo, nina begi la kufunga?”

“Ndiyo, dada. Kila moja.”