Siku moja ya kufumua vitone

Saa mbili asubuhi. Kazi ya leo ni kugeuza orodha kuwa sentensi: ukurasa wa wavuti wenye maelekezo ya kumhudumia nyumbani mtoto anayeharisha, yaliyopangwa kwa vitone vya orodha, vitone ndani ya vitone, ngazi tatu. Utasikilizwa na wazazi wasioona. Kabla ya kugusa neno, nazima kioo cha kompyuta, nabonyeza Insert na mshale wa chini, na NVDA, programu inayowasomea wasioona kilichopo kwenye kioo, inausoma wote.

Saa tatu nimefika kwenye zinki. Aliye na macho anaona umri, na chini yake, kwa kuingia ndani kidogo, dozi na siku. Masikioni ule mwingilio haupo. Kinachosikika ni orodha inaanza, vipengele viwili, umri, orodha nyingine inaanza, dozi, siku, orodha imeisha, kisha umri wa pili na dozi yake. Aliyekatizwa na mlio wa simu hapo katikati hajui miligramu 20 ni za nani. Kwa hiyo umri unatangulia ndani ya sentensi ileile yenye dozi: “Mtoto wa chini ya miezi 6 mpe zinki miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20. Mwenye miezi 6 au zaidi mpe kidonge kizima. Wote wawili waendelee kwa siku 10 hadi 14.” Neno “hadi” linaandikwa, kwa sababu sauti nyingine huruka kistari, na “10-14” hutoka kama namba mbili zisizohusiana.

Saa nne na nusu kazi inakwama. Kitone “Rudi kituoni haraka” kina vitoto vinne: hawezi kunywa, anazidi kuugua, ana homa, ana damu kwenye kinyesi. Je, ni zote kwa pamoja, au yoyote mojawapo? Kitone hakisemi. Sentensi lazima iseme, na mwandishi wa nathari hana ruhusa ya kubahatisha. Nampigia mteja.

“Samahani Daktari, hizi dalili ni ‘na’ au ni ‘au’?”

“Si ipo wazi hapo?”

Haipo. Anaahidi kupiga baadaye. Saa sita, kimya. Saa nane, kimya. Huku nyuma sehemu ya maji ya chumvichumvi imekamilika (pakiti moja, lita moja ya maji safi, yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24), ila siwezi kukabidhi ukurasa wenye pengo palepale penye hatari.

Jioni jibu linakuja kwa ujumbe: “Yoyote.” Herufi sita kwa siku nzima. Sasa inaandikwa: “Ukiona hata dalili moja kati ya hizi nne, mrudishe mtoto kituoni mara moja,” na dalili zenyewe zinabaki orodha ya ngazi moja, maana ziko sawa kwa uzito na hakuna iliyo chini ya nyingine. Vichwa vidogo navyo vinabaki, ili msikilizaji aruke kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza herufi H.

Nazima kioo tena. “mg” moja ilinipita. Sauti inaitamka herufi kwa herufi.