Tovuti ya duka la nyavu ilivyopotea, na nilivyoirudisha

Kuna mama anauza nyavu za dagaa na vipuri vya injini za boti pale Kirumba, karibu na Mwaloni. Wateja wake wa Ukerewe huangalia bei kwenye tovuti kabla hawajavuka. Jumatatu moja tovuti ikapotea, badala yake yakatokea matangazo ya watu tusiowajua. Fundi mmoja akamwambia amedukuliwa, atoe laki nane atengenezewe mpya. Maneno yale yananikera mpaka leo.

Nilianza kwa kuangalia usajili wa jina la tovuti:

```
whois jina-la-duka.com
```

`Registry Expiry Date` ilionyesha mwaka ujao. Nikaamini jina ni zima, nikamaliza nusu siku nzima nikiwasumbua wanaotunza seva. Kumbe jina la `.com` likiisha muda, sajili kuu inayotunza majina yote ya `.com` hulisogeza mwaka mmoja mbele yenyewe, hata kama mwenye jina hajalipa. Tarehe ya kuamini ilikuwa chini zaidi, `Registrar Registration Expiration Date`, nayo ilikuwa imepita siku tisa. Mistari ya `Name Server`, ile inayoonyesha njia ya kufika kwenye tovuti, nayo ilikuwa imegeuzwa, inaelekeza kwenye ukurasa wa matangazo wa msajili, yaani kampuni inayolipwa ada ya jina.

Nikamweleza hivi: "Mama, fremu yako ipo na mzigo wote uko ndani. Kilichong'olewa ni kibao cha barabarani. Kibao unakilipia kwa mwaka, fremu unailipia kivyake."

Hakuniamini. Nikafungua faili la `hosts` kwenye kompyuta yangu, nikaandika anwani ya IP ya seva na mbele yake jina la duka, ili kompyuta isiulize njia kwa mtu mwingine. Tovuti ikafunguka, nyavu zote na bei zake. Akasogeza uso mpaka kwenye kioo. "Kwa hiyo mwanangu, hakuna kilichopotea?" Hakuna, mama.

Ila tulipaswa kuwahi. Msajili anaweza kulifuta jina wakati wowote ndani ya siku 45 baada ya kuisha. Likifutwa, zinabaki siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa kuliko ada yenyewe, kisha siku 5 za kusubiri, halafu yeyote analichukua. Sisi tulilipa ada ya kawaida tu, kama elfu arobaini na kitu.

Mbona hakupata taarifa? Zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ya fundi wa zamani, aliyehamia Geita. Tulimpigia, akatupa akaunti bila maneno. Nikaweka barua pepe ya mama mwenyewe, ile binafsi, siyo yenye jina la duka, maana hiyo hufa pamoja na jina.

Simu yangu ilifungua tovuti jioni ileile. Ya mama iliendelea kuonyesha matangazo mpaka Jumatano, kwa sababu mitandao huhifadhi njia ya zamani, pengine hadi siku mbili. Alhamisi akanipigia: mteja wa Nansio ameagiza nyavu sita.