Barua iliyokwama Mafinga

Jana usiku mpwa wangu kanipigia, kafura: "Mjomba, faili ni MB 20, kikomo ni MB 25, mbona barua pepe inalikataa?" Nikacheka. Swali hilohilo lilinikesha Mafinga, kwenye ile gesti yenye baridi, huku mama wa manunuzi akiisubiri michoro yangu kabla ya saa nne asubuhi.

Nilikuwa na modemu, bando la MB 300 na Thunderbird, programu ya barua pepe. Nikatuma. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulipofika robo tatu, mtandao ukakatika. Nikatuma tena, ukaanza sifuri. Barua pepe ndivyo ilivyo: ikikatika njiani, haiendelei pale ilipoishia, mzigo wote unapakiwa upya. Kufikia jaribio la tano nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, modemu nimeinyanyua dirishani, mkono umekufa ganzi, naogopa hata kukohoa. Saa tisa usiku ikapita. Nusu ya bando ilishaliwa. Nikalala na viatu.

Alfajiri nikakuta majibu ya mashine:

```
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Kumbe jaribio la mwisho lilipita, seva yetu ikaipokea barua. Ya kwao ndiyo iliyoigomea. Kila upande una kikomo chake, na unachokiona ni cha kwako tu. Tena kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Kinageuzwa kuwa herufi kwa mtindo wa base64, kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. MB 20 zangu zilifika mlangoni kwao zikiwa kama MB 27.

Basi nikapandisha faili Google Drive. Mtandao ulikatika mara mbili, likaendelea pale lilipoachia. Nikatuma linki, nikaagiza chai.

Saa tatu na nusu simu ikaita. "Mwanangu, hapa panasema niombe ruhusa. Ruhusa naiomba kwa nani?"

"Kwangu mimi, mama. Shikamoo."

Nilikuwa nimeiacha kwenye `Restricted`. Nikaibadilisha kuwa `Anyone with the link`, akafungua, chai ikapoa.

Kwa hiyo nikamwambia mpwa: faili likizidi MB 10, au mtandao ukiwa wa kubahatisha, tuma linki, na uijaribu kwanza kwenye dirisha la faragha ambako hujaingia na akaunti yako. Mkataba wenye saini mimi bado naambatisha, maana nyuma ya linki mwenye faili anaweza kubadilisha kilichomo na wewe usijue. Sijui kama niko sahihi. Pengine ni ushamba tu.

"Na ile ya Mafinga, mjomba, uliifunga?"

Nikaenda kuangalia. Michoro ipo, mlango wazi kwa yeyote mwenye linki. Nimeshika kipanya, nawaza kama yule mama bado anaifungua.