Pampu inasema lita 600, pipa langu likasema 250

Afisa ugani aliniandikia kwenye kikaratasi: "milimita 25, kila siku ya 5." Akapanda pikipiki akaenda zake. Simlaumu, maana alichoandika kilikuwa sahihi. Mahindi yangu wakati ule yalikuwa yanakunywa kama milimita 5 kwa siku, na 5 mara 5 ni 25. Ila mimi nilibaki nimesimama na kikaratasi mkononi, mbele ya pampu isiyojua milimita ni nini. Pampu inajua kuwaka na kuzima tu. Nilitaka mtu aniambie niiache iwake saa ngapi.

Shamba langu ni mita 60 kwa 50, yaani mita za mraba 3,000. Nililipima kwa kamba, si kwa hatua, kwa sababu hatua zangu za asubuhi na za jioni hazifanani. Jaribio langu la kwanza la hesabu sipendi kulikumbuka. Niligeuza milimita 25 kuwa mita 0.25, nikazidisha kwa 3,000, nikapata mita za ujazo 750. Nilikaa usiku mzima nikiwaza nitapata wapi mafuta ya kuvuta maji yote hayo, na kisima chenyewe kitaweza vipi. Asubuhi ndipo akili ikarudi: mita 0.25 ni robo mita, maji ya kunifika nusu ya muundi shamba zima! Hiyo si kumwagilia, hilo ni bwawa la samaki.

Tangu siku hiyo niliachana na desimali. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi. Kwa hiyo milimita 25 ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, ndoo moja ya lita 20 na robo ya nyingine. Mita za mraba 3,000 mara lita 25 ni lita 75,000, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000, nahitaji mita za ujazo 75. Mwenye hekta nzima ana njia fupi zaidi: kila milimita kwake ni mita za ujazo 10. Mwenye ekari aseme 4, hatakosea sana.

Hapo nikajiona profesa. Ubavuni mwa pampu pana kibati kimeandikwa lita 600 kwa dakika, ambazo ni mita za ujazo 36 kwa saa. 75 gawanya kwa 36 ni saa 2 na dakika kama 5. Aliyeniuzia aliniapia kwamba hicho kibati hakidanganyi. Nikaweka mafuta ya saa 2 na kidogo cha akiba, nikawasha.

Saa 2 zikaisha maji yakiwa yamepita nusu tu ya mitaro. Nikanung'unika, nikaongeza mafuta, kesho yake nikamaliza nusu iliyobaki kwa saa 2 nyingine. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimemwaga mita za ujazo 144, karibu mara mbili ya zilizotakiwa. Nilihuzunika kwa mafuta niliyopoteza, ila nilijifariji kwamba angalau mahindi yameshiba.

Siku ya tatu saa sita mchana majani yamejikunja kama mikeka. Jirani yangu, mzee anayelima tangu sijazaliwa, akaja, akayatazama, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, umeyazamisha. Mizizi inaoza. Acha maji mpaka udongo upumue." Nami nilijua nimemwaga mita za ujazo 144, kwa hiyo nikaona mzee kasema kweli. Nikaruka zamu nzima ya kumwagilia. Mpaka leo nikikumbuka hilo natamani kujipiga kofi. Majani ya chini yakaanza kukauka kuanzia nchani, ndipo nikachukua nondo nyembamba nikaichoma ardhini. Iliingia kiasi cha kiganja ikagota kama imepiga sakafu. Nikachimba palepale: chini ya kiganja udongo ni vumbi tupu. Mahindi hayakuwa yamezama popote, yalikuwa yanakufa kwa kiu huku mimi nikiyaonea huruma ya kuvimbiwa.

Sasa ikabaki swali moja: maji yangu yalienda wapi? Nikaamua kuacha kusoma kibati, niyapime maji yenyewe.

Nilikuwa na pipa lile wanaloita la lita 200. Sikuliamini nalo, nilishaapa kutoamini tena kilichoandikwa. Nikachukua ndoo ya lita 20 yenye alama ya kipimo, nikamimina mara 10, nikakwaruza mstari kwa msumari pale maji yalipofika. Mstari ulikaa chini kidogo ya ukingo, kumbe pipa likijaa hadi juu huwa limezidi 200. Halafu nikalibeba mpaka sehemu ya juu kabisa ya shamba, mwisho wa mpira, pale maji yanapomwagikia. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapima kando ya pampu kwa sababu pipa ni zito. Unatakiwa kupima maji yanayofika shambani, ukiwa umeunganisha mpira wote unaotumia siku zote, na injini ikiwa kwenye mwendo uleule wa siku zote. Ukikanyagia mafuta kwa ajili ya kipimo tu, unajidanganya mwenyewe.

Mpwa wangu alishika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, mimi nikashika mpira. Mara ya kwanza ulinichomoka, maji yakampiga kifuani, akacheka mpaka akasahau kubonyeza. Tukajifunza kuuacha kwanza umwage pembeni mpaka maji yatulie, kisha kuuingiza pipani kwa mkupuo mmoja. Anapaza sauti "Mjomba, mstari!" nami nautoa. Tulipata sekunde 47, halafu 49, halafu 48. Nikachukua 48. Lita 200 kwa sekunde 48 ni lita 250 kwa dakika, mita za ujazo 15 kwa saa. Kibati kinasema 36!

Kwa udadisi nikalirudisha pipa chini kando ya pampu, na kipande kifupi cha mpira. Sekunde 30, yaani mita za ujazo 24 kwa saa. Kwa hiyo mpira mrefu na mlima wa shamba langu peke yake vinakula mita za ujazo 9 kila saa. Kibati kwa kweli hakidanganyi, ila hakisemi yote. Lita 600 ni pale pampu haipandishi maji popote. Chini yake pameandikwa kimo cha mita 30, na hicho nacho ni pale maji yanapogoma kutoka kabisa. Ukipata kimoja umekosa kingine. Kila mita unayopandisha, pamoja na msuguano ndani ya mpira, unalipa kwa lita.

Basi zile saa 4 zangu zilitoa mita za ujazo 60, si 144. Na hizo 60 hazikufika zote kwenye mizizi. Mimi namwagilia kwa mitaro ya udongo kati ya matuta. Maji mengine yananywewa na mfereji wa kugawia, mengine yanazama chini mno kwenye vichwa vya mitaro, mengine yanatoroka mwishoni. Kwa mitaro ya namna hii watu wa umwagiliaji huhesabu kwamba asilimia 60 ndiyo inayofaa mmea. Wenye vinyunyizio vya kumwaga maji kama mvua hukadiria kama 75, wenye matone kama 90. Asilimia 60 ya 60 ni mita za ujazo 36, ukizigawa kwa mita za mraba 3,000 unapata milimita 12. Nusu ya dawa! Ndiyo maana nondo iligota kiganjani.

Hesabu ya kweli ikawa hivi. Mizizi inataka mita za ujazo 75. Nazigawa kwa 0.6, si kuzizidisha (nilizizidisha mara moja nikapata 45, nikafurahi bure). Napata 125 za kutoka mwisho wa mpira. 125 gawanya kwa 15 ni saa 8 na dakika 20. Nilipomwambia mzee jirani, alinitazama kama mtu aliyelogwa.

Saa 8 na dakika 20 ni ngumu kuzisimamia ukiwa umesimama na jembe, hujui kama uko mbele au nyuma ya ratiba. Ujanja niliobuni, na huu najivunia, ni kuzivunja kwa mitaro. Nina mitaro 80. Nafungua minne kwa pamoja, maana mmoja ukipewa maji yote unachimbika. Hiyo ni mikupuo 20. Dakika 500 gawanya kwa 20 ni dakika 25 kila mkupuo. Simu ikilia, nafunga minne, nafungua minne mingine. Siku ya kwanza nafanya mikupuo 10, siku ya pili 10.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: milimita 25, dakika 25. Shambani kwangu milimita 1 ni dakika 1 ya mitaro minne. Msiinakili, imejitokeza tu kwa shamba langu, pampu yangu na mpira wangu. Lakini mkifanya hesabu yenu mtapata ya kwenu, na ukishaipata hutahitaji karatasi tena. Mvua ikinyesha naangalia kopo la pande zilizonyooka nililoliweka mahali pa wazi, napima kimo cha maji kwa rula. Wiki iliyopita lilikuwa na milimita 12, nikatoa kwenye 25, nikabakiwa na 13, nikaweka simu ilie baada ya dakika 13. Kazi ikaisha kwa saa 4 na dakika 20.

Siku iliyofuata nachoma nondo. Udongo wangu si wa mchanga sana wala si mfinyanzi, na milimita 25 zikishuka vizuri nondo inateleza kama sentimita 30. Vichwani mwa mitaro inaingia zaidi, mwishoni pungufu, hilo halikwepeki.

Pipa nalirudia kila baada ya wiki kadhaa. Kiangazi kilipokolea maji ya kisima yalishuka, na alasiri moja nikapata sekunde 54 badala ya 48, yaani mita za ujazo 13 na kitu kwa saa. Dakika 25 zikawa 28. Nilidhani pampu imechoka, kumbe ilikuwa inavuta kutoka mbali zaidi. Asubuhi, kisima kikiwa kimejaa tena, zilirudi karibu na 48, kwa hiyo siku hizi naanza saa kumi na mbili.

Kitu kimoja tu kimenishinda. Chini ya dakika 12 maji hayafiki mwisho wa mtaro wangu wa mita 50, hata nifanyeje. Kwa hiyo mvua ikiniachia deni la milimita 6 au 7 sisumbuki kuwasha. Naliacha deni likue siku mbili mpaka lifike mahali ambapo simu na maji vinaweza kumaliza pamoja.