Siku moja maishani mwangu: mfamasia wa Busia na chupa mbili za amoksilini

Watu wengi hudhani kazi ya mfamasia ni kusoma karatasi, kunyoosha mkono rafuni na kupokea fedha. Ninafanya kazi katika famasi moja ya Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha madereva wa malori, wachuuzi wanaovuka mpaka na wenyeji wenye lugha zao. Nitaieleza siku yangu ya Jumanne, siku ya kawaida kabisa, ili msomaji aone saa zetu zinapoishia.

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua mlango, nikasoma kipimajoto cha friji na kuandika namba daftarini, nikapokea maboksi ya mzigo na kukagua tarehe za kuisha muda. Hilo halina hadithi.

Kuanzia saa mbili hadi saa tano walikuja wateja wa koo. Msimu wa mvua huwa hivyo. Mmoja baada ya mwingine aliomba amoksilini bila karatasi ya mtabibu, na mmoja baada ya mwingine nilimwuliza maswali yale yale: je, unakohoa, pua inatoka kamasi, sauti imekauka? Aliyejibu ndiyo kwa yote matatu nilimwambia kwamba kuna uwezekano mkubwa ugonjwa wake umeletwa na virusi, na kwamba antibiotiki haigusi virusi hata akimeza boksi zima. Nilimpa parasetamoli na kumshauri asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Baadhi yao walinishukuru. Wengine walitoka wakinung'unika kwamba duka la ng'ambo ya barabara halina maswali mengi. Ni kweli, halina, na mimi hupoteza fedha kwa sababu hiyo karibu kila siku.

Mchana nilikula chapati na maharage nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta.

Ilipofika saa kumi jioni aliingia bwana mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa samaki, akiwa na karatasi ya kituo cha afya na haraka ya mtu ambaye gari lake linapiga honi nje. Binti yake ana miaka saba na uzito wa kilo 20. Koo lilianza kumuuma ghafla, ana homa, tezi za mbele ya shingo zimevimba, tonsili zina usaha, wala hakohoi. Mtabibu aliona dalili za streptokoka, bakteria wanaoshambulia koo, akaandika amoksilini miligramu 500, mara mbili kwa siku, kwa siku kumi.

"Nipe chupa moja, dada, ninawahi," akasema.

Nilimweleza kwamba chupa moja haitoshi. Dawa ya maji tuliyokuwa nayo ina miligramu 250 katika kila mililita tano, kwa hiyo mtoto anahitaji mililita kumi kila mara, yaani mililita 20 kwa siku, na chupa ni ya mililita 100. Itaisha baada ya dozi kumi, ambazo ni siku tano tu. Hapa ndipo wazazi wengi huteleza bila kujua, kwa kuwa chupa ikikauka mtu huamini kwa moyo mweupe kwamba amemaliza dawa, kumbe amemaliza nusu.

Hakukubali. Alisema nataka kuuza chupa mbili kwa faida yangu. Alisema mwaka jana mtoto huyo huyo aliumwa koo, akapona siku ya tatu, na dawa iliyobaki ikakaa kabatini hadi ikamwagwa. Alisema pia, na hili nilikuwa nikilingoja, kwamba amesikia redioni kuwa dawa nyingi huleta usugu.

Ningeweza kumjibu kwa maneno yaliyoandikwa katika mabango mengi, kwamba usipomaliza dozi vijidudu vitakuwa sugu. Sikumjibu hivyo, kwa sababu kwa ugonjwa huu jibu hilo si la kweli sana. Streptokoka ya koo, licha ya miaka mingi ya kutibiwa kwa penisilini na jamii zake, bado inauawa nazo. Zaidi ya hayo, kwa magonjwa mengine wataalamu wamepunguza siku za dawa baada ya kuona kwamba chache zinatosha, hivyo kumwambia mtu kwamba dozi ndefu ndiyo daima inayozuia usugu ni kumpa sababu ambayo kesho itamchanganya. Mzazi apewe sababu moja, iliyo wazi, inayohusu mtoto wake na ugonjwa alio nao. Kwa koo la streptokoka sababu hiyo ni moyo.

Nilimwomba dakika tatu, nikamsomea maneno ambayo nimeyazoea kama wimbo wa shule:

"Koo litaacha kuuma ndani ya siku mbili au tatu, na homa itashuka. Wakati huo wadudu wamepungua, lakini bado wamo kooni. Wakibaki, mwili unaendelea kutengeneza kinga ya kupambana nao, na kinga hiyo inaweza kukosea ikashambulia viungo na vali za moyo wa mtoto. Siku kumi zimewekwa ili kuwamaliza wote. Kwa hiyo mpe dawa hadi dozi ya mwisho, hata kama anacheza na kula vizuri. Maumivu yameaga, wadudu hawajaaga."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninamtisha ili anunue. Swali la haki. Nilimjibu kwamba watoto wengi wanaoumwa koo hawafikii huko, lakini wanaofikia ni wa umri wa binti yake, kati ya miaka mitano na kumi na mitano, na kwamba ugonjwa huo wa viungo na moyo, uitwao homa ya rumatiki, kwa kawaida hujitokeza wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, wakati ambapo hakuna anayelikumbuka koo tena. Goti huvimba, linapoa, kisha kifundo cha mguu kinafuata. Wazazi hudhani mtoto ameanguka akicheza. Vali ikishaharibika hairudi kama ilivyokuwa. Mtoto hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na baadhi yao huishia kwenye foleni ya upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Ukilinganisha na hayo, chupa ya pili si ghali.

Honi ikalia tena. Alitoka, nikadhani ameondoka, kumbe alikwenda kumwambia dereva atangulie.

Aliporudi tulizungumza kuhusu fedha, jambo ambalo pengine ndilo lililokuwa chini ya ubishi wote. Nilimwambia kwamba kama chupa mbili zinamlemea, yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kurudi kwa mtabibu amwulize kuhusu sindano moja ya benzathini penisilini, ambayo hudungwa mara moja tu na kufanya kazi ya siku zote kumi. Sindano hiyo ni msaada mkubwa pale mzazi anapojua kwamba nyumbani kwake dawa ya siku nyingi haitamalizika. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema binti yake akiona sindano atavuka mpaka kwa miguu. La pili ni kulipia chupa moja, nami nimwekee ya pili hadi Jumapili. Alifikiri, akapiga simu kwa mkewe, akarudi na kulipa zote mbili kwa simu.

Baada ya hapo ikawa kazi ya mikono, na kwa kusema kweli ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Niligonga chupa ya kwanza ili unga ulegee, nikatia maji yaliyochemshwa na kupozwa, nikatikisa, nikaongeza hadi kwenye alama, nikatikisa tena. Ya pili sikuifungua. Dawa hii ikishachanganywa ina maisha mafupi, ya kwetu siku saba tu, na chupa iliyochanganywa Jumanne isingeweza kufika mwisho wa dozi ikiwa nzima. Nikampa kijiko cha kupimia cha mililita tano, nikamwonyesha kwamba kila dozi ni vijiko viwili, na kwamba kijiko cha chai cha nyumbani hakifai kwa kuwa kila nyumba ina chake.

Kisha nikahesabu naye kwa vidole. Dozi zote ni ishirini. Ya kwanza ni leo Jumanne jioni, hivyo chupa ya kwanza inaisha Jumapili asubuhi, ya pili inachanganywa Jumapili jioni, na dozi ya ishirini ni Ijumaa ya wiki ijayo asubuhi. Sikuandika "siku kumi" kwenye lebo, kwani siku kumi husahaulika; niliandika "MWISHO: IJUMAA ASUBUHI" pamoja na tarehe, na chini yake ule mstari wa maumivu na wadudu.

Nilimwongezea onyo moja, kwa sababu kumaliza dozi nako kuna mpaka wake. Mtoto akitokwa na vipele vya kuwasha, akavimba midomo au akapumua kwa shida, dawa isimamishwe papo hapo na aletwe hospitali. Na kama homa haijashuka kufikia siku ya tatu, asingoje Ijumaa, arudi kwa mtabibu.

"Sasa nieleze utakavyomwambia mama yake," nikasema.

Alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia, ila mstari aliugeuza: "Maumivu yakiaga, wadudu wako mlangoni." Nikamwacha nao.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipoondoka. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika nje na mtu mmoja alikuwa ameketi juu ya mzani wa watoto. Walifuata mama wa kisukari, dereva aliyetaka kapsuli mbili tu za rangi mbili kwa ajili ya jino, ambaye nilimwelekeza kwa daktari wa meno naye akaniambia mimi ni mgumu, mzee wa shinikizo la damu, na wengine ambao nyuso zao sizikumbuki. Umeme ulikatika, ukarudi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu zamani.

Kabla ya kufunga niliandika namba ya yule bwana katika daftari, kwenye ukurasa wa Jumamosi. Jumamosi itakuwa siku ya nne, mtoto atakuwa anarukaruka na chupa itakuwa imeanza kusahaulika. Sitamwuliza kama mtoto anaendeleaje, maana atajibu kwamba amepona. Nitamwuliza chupa imebaki na kiasi gani: Jumamosi mchana inapaswa kuwa na mililita 20, dozi mbili. Akitaja zaidi ya hapo, nitaomba kuzungumza na mama.