Picha ya Baharia na Mlima Wenye Kilele Cheupe

Mwaka 2016, binti mmoja, jirani yetu hapa Tanga, aliniletea picha ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa baharia hadi 1996. Kwenye picha amesimama mbele ya mlima mkali kama pia, mbavu zake zimechimbwa makorongo kutoka juu hadi chini. Nyuma ya karatasi hapakuwa na neno hata moja. Nyumbani kwao waliamini ni kisiwa cha Java, Indonesia, kwa sababu meli yake ilifika huko.

Na mimi nilianza na Java. Batok, mlima ulio jirani na volkano ya Bromo, una makorongo ya namna hiyo hiyo, nami nilitaka sana iwe hivyo kwa ajili ya yule binti. Lakini makorongo yanaeleza mlima umejengwa kwa kitu gani, hayasemi uko wapi. Popote volkano inapolundika majivu materemko yakawa makali, mvua huchonga mifereji inayoshuka kutoka kileleni pande zote. Ndivyo ilivyo Java, na ndivyo ilivyo kwetu. Nchi hutambulika kwa vitu vinavyouzunguka mlima.

Batok umekaa ndani ya kaldera ya Tengger, yaani bakuli kubwa lililobaki baada ya volkano ya zamani kudidimia. Chini yake kuna uwanda wa mchanga wa kijivu, na kuta za kaldera zinauzunguka uwanda huo. Mbavu zake zina majani hadi karibu na juu. Kwenye picha yetu palikuwa na nyasi kavu, migunga michache, na genge refu upande wa kulia pekee, limenyooka kama limekatwa kwa msumeno. Kushoto nchi ilikuwa wazi. Ukuta wa kaldera hujipinda kuuzunguka mlima; genge la Bonde la Ufa hupita kando yake na kuendelea na safari.

Kilichobaki kilikuwa ule weupe wa juu. Ndugu mmoja alisema ni theluji, basi ni Kilimanjaro. Nilichukua kioo cha kukuzia tukatazama pamoja. Theluji ikiyeyuka, mpaka wake wa chini hufuata kimo, na hudumu zaidi penye kivuli. Weupe huu ulikuwa na ndimi: mmoja umeshuka mbali ndani ya korongo, mwingine umeishia juu kabisa, na katikati yake ubavu mtupu wa kijivu. Hicho ni kitu kilichomwagika kutoka ukingoni.

Hapo nikautambua: Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natroni, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Zaha yake, yaani ule uji wa moto utokao ndani ya volkano, imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu badala ya silika, madini ya zaha za kawaida. Hutoka ikiwa nyeusi, nyepesi kama matope ya mvua, kisha ikinyonya unyevu hugeuka nyeupe, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa zaha hiyo.

Genge liko magharibi ya Lengai. Likionekana kulia, mpigapicha ameelekea kusini, kwa hiyo alikuwa upande wa Engare Sero, kati ya ziwa na mlima. Hoja hii huanguka picha ikiwa imesafishwa kinyume, jambo lililotokea mara nyingi enzi za filamu. Nilitazama shati la mzee: mashati ya kiume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu, na hapo ulikuwa juu. Picha ilikuwa sawa.

Baadaye nilifungua Google Earth nikasimamisha macho upande huo. Makorongo hayakulingana, kwa sababu ramani yake hulainisha mikunjo midogo, wala hilo lisikuvunje moyo. Linganisha mstari wa mlima dhidi ya anga na mahali genge linapokatiza. Hivyo viwili vilikubaliana.

Hata mwaka ulijibana. Zaha ilijaza kreta ya kaskazini ikaanza kumwagika nje 1998. Septemba 2007 ukaanza mlipuko mkubwa wa majivu, na ulipokwisha kreta ilikuwa shimo refu, zaha haikuweza tena kufika ukingoni. Mlipuko wa 1966 nao uliufanya mlima uwe mweupe, lakini kwa majivu, ambayo hutanda kama unga na hayaachi ndimi.

Binti aliniomba niandike nyuma ya picha. Niliandika kwa penseli: “Ol Doinyo Lengai kutoka upande wa Engare Sero, kati ya 1998 na 2007.” Alisoma, akahesabu kwa vidole. “Basi alikuwa ameshaacha meli,” akasema. “Alikuwa akituambia anakwenda Arusha.”